Nukta 38 za Sista: sivii ya mkunga wa Busia ilivyogeuzwa kuwa wasifu wa aya tatu

Sista aliniletea karatasi nne zilizobanwa kwa pini, akaziweka juu ya meza na kusema, "Mwalimu, hawa watu wa Kampala wanataka wasifu. Mimi nina sivii tu. Si ni kitu kimoja?"

Kitu kimoja sicho, na kisa hiki kinaonyesha ni kwa nini. Sista ni mkunga. Alikuwa amealikwa kuzungumza mbele ya wakunga wa Afrika Mashariki, mkutano wa siku mbili, na waandaaji walitaka wasifu wa Kiswahili usiozidi maneno 200. Mshereheshaji angeusoma kwa sauti kabla ya Sista kupanda jukwaani, kisha uchapwe kwenye ratiba. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mjini Tororo, na kazi za namna hii huniangukia mara kwa mara. Nimeomba ruhusa yake kuandika kisa hiki. Jina nimelificha, na miaka na tarakimu nimezibadilisha kidogo asitambulike, lakini uhusiano kati ya jambo moja na jingine nimeuacha kama ulivyokuwa, kwa sababu uhusiano huo ndio hasa ninaotaka kuueleza.

Sivii yake ilikuwa ya Kiingereza, kama sivii karibu zote za Uganda, na ilikuwa nzuri. Kurasa nne, nukta 38, kila kitu kwa mwaka wake. Nukta zilizotupa kazi nyingi zaidi, nikizileta kwa Kiswahili, ni hizi:

- Cheti cha ukunga, 2001–2003
- Stashahada ya ukunga, 2010–2011
- Shahada ya ukunga, 2018–
- Mkunga, kituo cha afya cha ngazi ya tatu, Tororo, 2003–2008
- Mkunga, hospitali ya rufaa ya mkoa, Mbale, 2008–2014
- Msimamizi wa wodi ya wazazi, kituo cha afya cha ngazi ya nne, Busia, 2014–sasa
- Mkufunzi wa kumsaidia mtoto mchanga apumue, 2012–sasa
- Kufundisha wakunga 64, vituo 9, 2015–2019
- Vifo vya watoto saa 24 za kwanza: 21 (2014), 9 (2019)
- Lugha: Kiingereza, Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Dhopadhola

Usiku ule nilikaa nikaandika rasimu ya kwanza kwa haraka, nikidhani kazi ni kuunganisha tu. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Sista ni mkunga mwenye uzoefu mkubwa. Alisoma cheti cha ukunga mwaka 2003, stashahada mwaka 2011 na shahada mwaka 2018. Alifanya kazi Tororo, akahamia Mbale, kisha akaenda Busia ambako alisimamia wodi ya wazazi na akawa mkufunzi. Kutokana na mafunzo aliyotoa, vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka 21 hadi 9. Anazungumza lugha tano. Ni mchapakazi, mwenye uwezo wa kuongoza na kushirikiana na wenzake."

Inasomeka vizuri. Ukiisoma kwa sauti haina pa kukwama. Nilipompelekea Sista, aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, huyu si mimi."

Tulikaa kuipitia sentensi kwa sentensi, na hapo ndipo nilipoona nilichokosea. Makosa yalikuwa kwenye maneno niliyoyaongeza mimi. Tarakimu zote zilikuwa zake, lakini "akahamia", "kisha", "akawa" na "kutokana na" yalikuwa yangu. Nukta ya sivii, mbali na miaka yake, haisemi jambo limetokea kabla ya lipi, wala kwa sababu ya lipi, wala kama bado linaendelea. Inakaa peke yake juu ya mstari wake, na msomaji hujijazia mwenyewe. Aya haiwezi kukaa hivyo. Ili sentensi mbili zishikane, lazima mwandishi aseme zinashikanaje, na kila kiunganishi anachokiweka ni dai jipya ambalo halimo katika sivii. Mimi nilikuwa nimeweka madai sita bila kumuuliza mwenye maisha yake.

Nianze na "-ka-", kwa sababu ndiyo inayowanasa Waswahili wengi. Tumezoea kusimulia kwayo: aliamka, akanawa, akala, akaondoka. Ni nyepesi na ina mwendo. Lakini "-ka-" inapanga mambo kwenye foleni, na msikilizaji anaelewa kwamba la pili lilikuja baada ya la kwanza kwisha. Niliposema "akaenda Busia ambako alisimamia wodi ya wazazi na akawa mkufunzi", nilimwambia msikilizaji kwamba ukufunzi ulianza Busia, baada ya 2014. Sivii inasema 2012. Sista alianza kufundisha akiwa bado Mbale, katika wodi iliyokuwa ikipokea wajawazito waliotumwa kutoka wilaya za jirani, na alichokiona pale ndicho kilichomfanya aanze. Kwa silabi moja nilikuwa nimeikata miaka miwili ya kazi yake na kuufuta mwanzo wa jambo ambalo ndilo alilokuwa anakwenda kulizungumzia.

Kiswahili kina dawa yake. Mambo mawili yanapokwenda pamoja, tunayo "-ki-": akiwa Mbale, alianza kufundisha. Tunayo pia "alipokuwa" na "huku". Nilijiwekea utaratibu ambao sasa sitoki nje yake. Kabla ya kuandika chochote, nachora mstari wa miaka kwenye karatasi, kazi juu na masomo na mafunzo chini yake, kisha natazama ni wapi mistari inapandana. Kwa Sista ilipandana mara tatu. Stashahada ya 2010 hadi 2011 iliangukia ndani ya miaka ya Mbale, ukufunzi ulianzia ndani ya Mbale ukavuka hadi Busia, na shahada iliangukia ndani ya Busia. Palipo na mpandano, "-ka-" hairuhusiwi.

Ile stashahada ilitaka swali moja zaidi. Je, aliacha kazi akasome, au alisoma akiwa bado mtumishi? Sivii inakubali yote mawili. Sista alieleza kwamba alipewa ruhusa ya masomo, akarudi mahali pa kazi palepale. Kwa wakunga wa Uganda hili si dogo. Mwenye cheti na mwenye stashahada hawaandikishwi ngazi moja, hawalipwi sawa, na kupanda kutoka ya kwanza hadi ya pili ukiwa kazini huchukua miaka ya kungoja. Aliyefanya hivyo anataka lijulikane.

Kosa la shahada lilikuwa baya kuliko yote, nalo lilitokana na alama ndogo kabisa. Nukta iliandikwa "2018–" na baada ya kistari hapakuwa na kitu. Mimi niliiweka kwenye mstari mmoja na vyeti vingine viwili, nikatumia kitenzi kimoja kwa vyote vitatu, na kwa hiyo nikampa shahada asiyokuwa nayo. Ukweli ni kwamba alianza mwaka 2018, vyuo vikafungwa Machi 2020 wakati wa korona pamoja na shule zote nchini, ada ikaenda kwenye mambo ya nyumbani, na alirudi darasani mwaka 2023. Alikuwa mwaka wa mwisho. Fikiria mshereheshaji angesoma "ana shahada" mbele ya wakunga 300, na miongoni mwao wamo wanaosoma naye.

Kwa hiyo kitenzi kimoja kisibebe vyeti vitatu kama havina hali moja. Na kistari kilichoachwa wazi ni swali ambalo huliulizi karatasi, unampigia mwenyewe simu.

Liko jingine kuhusu vitenzi. Nukta za sivii, hasa zile za majukumu, hazina mtendaji wala wakati. "Kusimamia wodi ya wazazi." Nani? Lini? Peke yake au pamoja na wengine? Tunapoigeuza iwe sentensi, Kiswahili hakituachii nafasi ya kukwepa. Ni lazima tuchague "alisimamia", "amesimamia", "anasimamia" au "husimamia". Mimi nilichagua "alisimamia" kwa sababu sentensi nzima ilikuwa ya wakati uliopita na nilitaka mwendo usikatike. Sista akauliza, "Kwani nimeacha kazi?" Mwendo wa sentensi ulikuwa umemstaafisha. Jambo linaloendelea liandikwe kwa wakati uliopo hata kama linavunja mdundo, na dawa bora ya mdundo ni kulihamishia mwanzo wa wasifu, mahali ambapo wakati uliopo unakaa kwa raha.

Sasa nije kwenye "kutokana na".

Sivii ilikuwa na nukta mbili zilizofuatana: wakunga 64 waliofundishwa, na vifo vilivyoshuka kutoka 21 hadi 9. Yeyote anayezisoma zikiwa zimefuatana hivyo atahisi kwamba la kwanza limezaa la pili, na kwa kweli ndiyo maana Sista alizifuatanisha. Mimi nilichofanya ni kulisema kwa maneno. Nilipomuuliza kama anaweza kusimama nalo, alifikiri kwa muda mrefu. Mafunzo yenyewe anayaamini. Ni yale yanayomfundisha mkunga kwamba mtoto akizaliwa asipolia, anakaushwa na kusuguliwa mgongo, na kama bado hapumui anapewa hewa kwa mfuko na kinyago kabla dakika ya kwanza haijaisha. Wakunga huiita dakika ya dhahabu. Amewaona watoto wakirudi.

Lakini akasema hivi: "Mwaka 2016 tulipata daktari na chumba cha upasuaji kikaanza kufanya kazi. Kabla ya hapo, mama aliyekwama tulikuwa tunamtafutia gari." Kwa mpango wa serikali, ngazi ya nne ndiyo ya kwanza inayotakiwa kuwa na chumba cha upasuaji, ila chumba kuwepo na chumba kufanya kazi ni mambo mawili. Watoto wangapi waliokolewa na upasuaji, wangapi na mfuko wa hewa, daftari la wodi haliwezi kuwatenganisha.

Kisha akasema jambo ambalo halikuwamo kabisa katika kurasa nne. Mwaka 2014 walizaliwa kituoni watoto 1,140, na mwaka 2019 walizaliwa 1,610. Ina maana vifo vilishuka ilhali waliozaliwa waliongezeka. Nikapiga hesabu palepale: kutoka watoto 18 hivi kwa kila 1,000 hadi chini ya 6. Picha ilikuwa nzuri kuliko alivyoiandika yeye mwenyewe, na wakati huohuo dai lake la sababu lilikuwa dhaifu kuliko nilivyoliandika mimi. Yote mawili yalitoka kwenye swali moja.

Tufanyeje basi? Kuiacha tarakimu nje kungekuwa kumnyima haki yake. Kuandika "kutokana na" kungekuwa kumbebesha dai ambalo daktari yeyote ukumbini angelihoji. Tulichofanya ni kuyaweka mambo matatu pamoja kwa maneno ya wakati, tukaacha maneno ya sababu: katika kipindi hicho alifundisha, katika kipindi hicho chumba cha upasuaji kilianza, vifo vilishuka hivi. Mkunga anayesikiliza ataelewa mchango ni wa nani, na hakuna atakayesema ametiwa chumvi. Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona wasifu nyingi za watu wa afya na wa miradi zikifa kwenye sentensi hii moja. "Kati ya", "katika kipindi hicho" na "wakati huo" ni maneno ya kweli zaidi kuliko "kutokana na", "kwa hiyo" na "hivyo basi", mpaka mwenyewe aonyeshe ushahidi.

Rasimu ya pili sikuianza kwa kuandika. Nilizipa nukta zote nambari, 1 hadi 38, nikampa Sista kalamu nyekundu. Nilimwomba atie alama kwenye zile ambazo zikikosekana atajisikia ameibiwa. Alitia 14. Kisha mimi nikatia alama kwenye zile ambazo mkunga wa Kisumu au wa Mwanza angehitaji ili amwelewe. Zilizopata alama zote mbili zilikuwa 11. Hizo ndizo zilizoingia, na orodha ya nambari zao niliibandika ukutani ili mwishoni nihakikishe hakuna iliyodondoka njiani. Zilizobaki hazikuwa mbaya. Shule ya msingi, mtihani wa mwaka wa nne wa sekondari, warsha za siku mbili na uwezo wa kutumia kompyuta zina kazi mbele ya mwajiri, lakini mbele ya ukumbi zinakula maneno. Ile sentensi yangu ya "mchapakazi, mwenye uwezo wa kuongoza" niliifuta bila kumuuliza. Haikutoka kwenye nukta yoyote yenye mwaka au mahali, na mtu anayesimamia wodi ya wazazi kwa zaidi ya miaka kumi hahitaji kuitwa mchapakazi.

Lugha zilinipa furaha. Katika sivii zilikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya "mengineyo", na mimi nilizigeuza kuwa "anazungumza lugha tano", sentensi iliyosimama peke yake kama mgeni asiyejulikana amekuja na nani. Nilimuuliza anazitumia wapi. Akaniambia wodi yake iko karibu na mpaka, akina mama wanavuka kutoka Kenya kuja kujifungua, na mama aliye katika uchungu hazungumzi lugha ya shule, anazungumza ya kwao. Hapo lugha zikapata mahali: ziliingia kwenye sentensi moja na wodi na mpaka. Ukweli haukubadilika hata neno, ila ulihama kutoka chini ya "mengineyo" ukaenda ulikofanyiwa kazi. Sivii hupanga mambo kwa aina, elimu huku, kazi kule, lugha mwisho. Wasifu huyapanga kwa mahali na wakati mtu alipoyatumia, na kuhama huku ndiko kunakoondoa harufu ya orodha. Ukibakiza mpangilio wa sivii, hata ukiweka viunganishi vizuri kiasi gani, aya zako zitasikika kama nukta zilizofutiwa alama.

Kulikuwa na mtego ambao Mganda hauoni kwa sababu anaishi ndani yake. Sivii iliandika "Busia" na "ngazi ya nne". Kwetu inatosha. Lakini mpakani iko miji miwili yenye jina hilohilo, mmoja wetu, mmoja wa Kenya, na Kenya wanayo kaunti nzima iitwayo Busia. Na kwa Mkenya, kituo cha ngazi ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, wakati kwetu ngazi ya nne bado ni kituo cha afya, chini ya hospitali ya wilaya. Msikilizaji wa Kisumu angemweka Sista kwenye nchi isiyo yake na katika jengo lisilo lake, na kila neno tuliloandika lingekuwa sahihi. Kwa hiyo tukaongeza maneno machache: "mashariki mwa Uganda", na "ngazi iliyo chini ya hospitali ya wilaya". Maneno hayo hayamo kwenye sivii, lakini bila hayo taarifa ya sivii isingefika nzima.

Huu ndio wasifu uliotoka, baada ya rasimu nne:

"Sista ni mkunga wa stashahada anayesimamia wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, ngazi iliyo chini ya hospitali ya wilaya, huko Busia, mashariki mwa Uganda. Ameishika kazi hiyo tangu mwaka 2014. Kituo kiko karibu na mpaka, na akina mama wanaojifungulia hapo hutoka Uganda na Kenya. Yeye huwahudumia kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Dhopadhola na Kiingereza.

Alianza ukunga mwaka 2003, akiwa na cheti, katika kituo cha afya cha Tororo. Mwaka 2008 alihamia hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Mbale, na akiwa mtumishi wa hospitali hiyo alirudi darasani, akapata stashahada mwaka 2011. Ni huko Mbale, mwaka 2012, alikoanza kuwafundisha wakunga wenzake namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua katika dakika yake ya kwanza.

Mafunzo hayo anayaendeleza hadi leo. Kati ya 2015 na 2019 aliwafundisha wakunga 64 wa kituo. Katika miaka hiyohiyo chumba cha upasuaji cha kituo chake kilianza kufanya kazi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 21 mwaka 2014 hadi 9 mwaka 2019, ingawa waliozaliwa waliongezeka kutoka 1,140 hadi 1,610. Sasa yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya ukunga."

Tazama "akapata stashahada": hapo "-ka-" imebaki, kwa sababu kweli alirudi darasani kwanza na stashahada ikafuata. Na "huwahudumia" imetumia "hu-" kwa kuwa ni desturi yake ya kila siku, si tukio.

Bado haikuwa tayari. Mwandishi aliyeijua sivii hawezi kujikagua mwenyewe, kwani anasoma yaliyo kichwani mwake, si yaliyo kwenye karatasi. Nilimpa kijana wangu, anayesoma mwaka wa sita wa sekondari na hajawahi kuiona sivii, nikamwambia aurudishe wasifu uwe nukta, kila nukta na mwaka wake. Alitoa nukta zote 11. Tulizilinganisha na zile nambari za ukutani, kumi zikawa sawa. Ya kumi na moja ilisema: "Kituo cha Busia kina wakunga 64."

Alisoma nilichoandika. "Wakunga 64 wa kituo." Sista alipoisikia alishika kichwa, wodi yake haijawahi kufikia hata robo ya idadi hiyo. Nilipokuwa nikipunguza maneno nilikuwa nimeiacha ile 9 nje, nikaweka "wa kituo" mahali pa "kutoka vituo 9". Kiunganishi "-a" cha Kiswahili ni kipana, chaweza kuwa cha umiliki, cha asili, cha mahali. Tulirudisha "kutoka vituo 9", kijana akasoma tena, ikakaa sawa.

Kisha nikausoma kwa sauti nikiwa na saa mkononi, kwa mwendo wa mshereheshaji. Sista alisikiliza akiwa amefumba macho. Miaka katika aya ya pili ilikuwa inapita vizuri, lakini 1,140 na 1,610 zilimkwamisha msomaji, na msikilizaji asiyeziona hazishiki. Tukaamua kuwa na nakala mbili. Ya kuchapwa ina tarakimu zote. Ya kusomwa inasema tu "ingawa waliozaliwa kituoni waliongezeka". Hilo lilikuwa shauri la Sista, na lilikuwa sahihi.

Wiki moja kabla ya mkutano waandaaji walituma ujumbe: nafasi kwenye ratiba imepungua, wanataka maneno 50. Nilijua pa kukata. Ukifupisha wasifu, safari ndiyo inayotoka kwanza, mahali alipo sasa pabaki, na jambo atakalolizungumzia libaki. Tukapata hii: "Sista ni mkunga anayesimamia wodi ya wazazi katika kituo cha afya cha ngazi ya nne, Busia, mashariki mwa Uganda. Yuko katika ukunga tangu 2003. Tangu 2012 huwafundisha wakunga kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua katika dakika ya kwanza. Kati ya 2015 na 2019 aliwafundisha wakunga 64 kutoka vituo 9."

Vifo havimo. Nilijaribu kuviingiza, na kila mara, kwa uhaba wa maneno, chumba cha upasuaji kilitoka na "kutokana na" ikarudi kwa mlango wa nyuma, hata pale nisipoiandika, kwa kule tu tarakimu kukaa kando ya mafunzo. Nilimwambia Sista tuchague: ama mambo yote matatu, ama hakuna. Alisema hakuna, atayasema mwenyewe jukwaani, huko ana dakika ishirini.

Kuna sentensi moja tuliyokubaliana ifutwe kila wasifu utakapotumwa upya kabla ya kuandikwa nyingine mahali pake: "Sasa yuko mwaka wa mwisho." Nyingine nyingi zimefungwa kwa miaka na hazitachakaa haraka. Hiyo moja imefungwa kwa neno "sasa". Nimeiwekea alama nyekundu pembeni, na Sista ameniahidi kunipigia simu siku atakapowasilisha ripoti ya utafiti wake.